Konokono wa mkono wa kushoto

Nilikuwa darasa la tatu nilipoona damu kwenye mkojo wangu. Mkojo ulianza kutoka wa kawaida, wa manjano, kisha matone ya mwisho kabisa yakatoka mekundu, na hapo ndipo palipouma, kama mtu aliyeshikiza ncha ya kijinga cha moto. Sikumwambia mtu. Kaka zangu wawili walishapita humo, na wavulana wakubwa wa skuli walikuwa wakituambia kwamba ndiyo utu uzima unabisha hodi. Nilijua tu kwamba kinaitwa kichocho, na kwamba karibu kila mtoto wa kijiji chetu alikuwa nacho au alishawahi kuwa nacho.

Kwetu ni Kaskazini Unguja, upande wa mabonde ya mpunga. Chini ya kijiji unapita mto mdogo ambao wakati wa kiangazi unabaki kama mshipi. Kuna mahali mto unapinda, maji yanatulia na kuwa dimbwi, mayungiyungi yamefunika karibu nusu yake, na ukingoni pana jiwe kubwa bapa. Tunapaita Jiweni. Mama zetu walifulia hapo, na sisi tulikoga hapo tukirudi skuli, jua la saa saba likiwaka. Aliyebanwa na mkojo hakutoka majini.

Miaka mingi baadaye nilirudi Jiweni nikiwa nimevaa buti za mpira hadi magotini na glavu ndefu, mkononi nina chujio lililofungwa kwenye mpini, natafuta konokono. Nimefanya kazi hiyo misimu kadhaa sasa. Nataka kuandika nilichojifunza juu ya dimbwi lile, kwa sababu watu wengi ninaozungumza nao wanajua kwamba kichocho kinatoka majini, lakini wachache wanajua kwamba si maji yote, na kwamba ugonjwa huu wote umening'inia kwenye mnyama mmoja anayelingana na punje ya mahindi.

Mnyama mwenyewe ni huyu. Mshike kwa vidole viwili, ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, mwache aende zake. Ukiwa upande wa kushoto, mtie kwenye chupa. Kwa Kilatini anaitwa Bulinus. Wapo konokono wengine wachache wa kushoto, kwa hiyo gamba peke yake halitoi hukumu, lakini ni chekecho la kwanza, na mtoto wa miaka minane hulijua baada ya kuonyeshwa mara mbili. Gamba lake ni la kahawia hafifu, jepesi, na utampata chini ya majani ya yungiyungi na kwenye mabua yaliyooza pembezoni, mahali ambapo maji hayaendi mbio. Chini ya jani hilohilo utaona vitone vya ute kama uji mwepesi, na ukivitazama dhidi ya mwanga utaona nukta ndani yake. Hayo ndiyo mayai yake.

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyekojoa majini. Kwenye mkojo wake mna mayai ya mnyoo wa kichocho, kila yai na mwiba mmoja mdogo mwishoni. Mwiba huo na mayai yanayopenya kwenye ukuta wa kibofu ndiyo yanayoleta damu. Yai likigusa maji matamu linapasuka na kutoa lava anayeitwa mirasidia. Hana mdomo, hali chochote. Anaogelea kwa nguvu aliyotoka nayo kwenye yai, na nguvu hiyo haimfikishi siku ya pili. Asipompata konokono anayemfaa ndani ya saa hizo, habari yake imekwisha. Hawezi kuingia kwa binadamu. Mkojo wa mtoto mgonjwa ukimwagikia mguuni mwako hauwezi kukuambukiza, na mama anayefua nguo za mtoto huyo kwa maji ya bomba nyumbani hapati kitu.

Akimpata konokono, hupenya kwenye nyama laini na kubadilika kuwa kifuko kinachozaa vifuko vingine. Kwa wiki tano, sita au zaidi, kulingana na joto la maji, konokono anatembea, anakula, hana dalili unayoweza kuiona kwa nje. Ndani, kimelea amekwishamgeuza kuwa kiwanda; mara nyingi humfanya hata asizae tena. Halafu siku moja, jua likipanda, anaanza kutoa lava wa aina ya pili, serkaria, wenye mikia iliyogawanyika ncha kama ulimi wa nyoka. Anatoa mamia kwa siku, wakati mwingine zaidi ya elfu, siku baada ya siku mpaka afe. Hawa ndio wanaotoboa ngozi ya mtu, kwa dakika chache tu, bila kidonda na mara nyingi bila mtu kuhisi lolote.

Jambo lililonigeuza fikra nilielezwa na fundi mmoja wa maabara, mzee wa makamo, tukiwa tumekaa chini ya mwembe tukisubiri konokono wetu juani. Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini tunahangaika na konokono, wakati minyoo imo tumboni mwa watoto? Si tuwape dawa tu?" Akanijibu kwa swali: "Mnyoo wa kichocho akiwa mwilini mwa mtu, anazaa watoto wanaokaa humo?" Nikamwambia ndiyo, bila shaka. Akatikisa kichwa. Hazai watoto wanaokaa humo. Anataga mayai tu, na yai haliwezi kuwa mnyoo ndani ya mwili uliotagiwa. Kila mnyoo aliyekuwa kwenye mishipa ya kibofu changu nikiwa na miaka tisa aliingia mwenyewe kupitia ngozi yangu, mmoja mmoja, akiwa serkaria. Pahala ambapo kimelea huyu anaongezeka kutoka mmoja kuwa maelfu, nje ya kutaga mayai, ni ndani ya konokono tu.

Ndiyo maana kumtoa konokono si kupunguza ugonjwa kidogo pembeni. Mayai yanaweza kumwagika mtoni kila siku kwa miaka, na kama konokono anayefaa hayupo, yote yatakufa kabla ya jua la kesho.

Unguja yenyewe inathibitisha hili kwa namna ambayo mtu asingeweza kuipanga. Kaskazini na katikati ya kisiwa, kwenye mito na mabonde, anaishi Bulinus globosus. Kusini, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe yenye vidimbwi vya msimu, anaishi ndugu yake, Bulinus nasutus. Wanafanana kiasi kwamba watafiti walilazimika kutumia vipimo vya vinasaba kuwatenganisha kwa uhakika. Watu wa kusini na wa kaskazini ni hao hao; wanaoana, wanatembeleana, watoto wanalala kwa bibi zao likizo nzima. Mkojo wenye mayai umefika kusini mara nyingi mno. Lakini kichocho hakikujenga nyumba huko, kwa sababu mirasidia wa minyoo ya Unguja akimwingia huyo nasutus hakui. Kisiwa kimoja, watu wamoja, maji matamu yapo pande zote mbili, na mpaka wa ugonjwa unafuata mpaka wa konokono.

Mtu wa Kwale, pwani ya Kenya, akisoma hapa atanisahihisha mara moja, na atakuwa na haki. Kwao, upande wa Msambweni, nasutus huyo huyo ndiye anayebeba kichocho. Kila mahali kimelea na konokono wamezoeana kwa namna yao, kama kufuli na ufunguo uliochongwa na fundi wa mtaa uleule. Kwa hiyo mtu hawezi kuchukua orodha ya konokono wabaya kutoka kitabuni na kwenda nayo mtoni. Lazima aulize: hapa, nani anabeba? Na kichocho cha tumbo kinachowasumbua jamaa zetu wa kando ya Ziwa Victoria kinataka konokono mwingine kabisa, Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojikunja kama kamba iliyoviringishwa mezani.

Habari hizi ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hawa ndani ya maiti mjini Cairo mwaka 1851, lakini ikapita zaidi ya miaka 60 kabla mtu hajajua wanapita wapi. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba kichocho cha kwao kinapitia kwa konokono, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akaonyesha hivyo hivyo Misri. Wajapani waliitumia elimu hiyo. Katika bonde la Kofu walijengea mifereji ya mashamba kwa saruji, kilomita kwa kilomita, kwa sababu konokono wao anaishi kwenye matope ya ukingo, na ukingo wa saruji haumpi pa kukaa. Mgonjwa mpya wa mwisho alionekana mwaka 1977. Konokono wetu anaishi ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo saruji haimkomeshi vile, na mkulima wa mpunga wa Kaskazini hana serikali ya kumwagia saruji bonde zima. Nimewataja kwa sababu kazi ile ilifanywa ukingoni mwa maji, na ikafanikiwa.

Sasa, ukifika Jiweni, unajuaje kwamba hapa ndipo watu wanapoambukizwa?

Unaanza kwa kukaa na kutazama, bila chujio. Nani anakuja, saa ngapi, anaingia hadi wapi, anakaa muda gani. Serkaria wa kichocho cha mkojo hutolewa zaidi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na wanaishi siku moja, pengine mbili. Saa hizo hizo, kwa bahati mbaya, ndizo saa za mama kufua na watoto kukoga wakitoka skuli. Na mkojo nao huwa na mayai mengi zaidi saa hizo hizo. Ndiyo maana mtoto anayepimwa huombwa mkojo wa mchana, si wa alfajiri. Kimelea amepanga ratiba yake kwa kufuata yetu. Mzee anayechota ndoo mbili alfajiri yuko katika hatari ndogo kuliko mjukuu wake anayeogelea nusu saa adhuhuri, ingawa wote wawili wanatumia maji yaleyale.

Kisha unatafuta. Sisi tulikuwa tunatafuta kwa saa: mtu mmoja, dakika 30, eneo lile lile kila mwezi, ili hesabu ya leo ilingane na ya mwezi ujao. Ukitafuta dakika 30 leo na dakika 10 mwezi ujao, kisha ukasema konokono wamepungua, umejidanganya.

Waliopatikana unawaweka kila mmoja kwenye kikombe chake cha kioo chenye maji safi, unawatoa juani kwa saa mbili hadi nne, na unatazama kila kikombe kwa kioo cha kukuzia juu ya karatasi nyeusi. Mara ya kwanza kuwaona serkaria nilishika pumzi. Maji yaliyokuwa meupe yalikuwa na vumbi, na vumbi lile lilikuwa linatembea. Vinapanda, vinasimama, vinazama polepole kichwa chini, vinapanda tena. Niliangalia mguu wangu, mguu uleule uliosimama kwenye maji yale mwaka baada ya mwaka.

Siku ile tulikuwa na konokono 87 kutoka Jiweni. Aliyetoa serkaria wenye mkia uliogawanyika alikuwa mmoja. Hapo ndipo watu wanapokosea. Ukimwambia mwenyekiti au sheha kwamba katika konokono 87 mmoja tu ndiye mwenye ugonjwa, atashusha pumzi na kushukuru. Lakini mmoja huyo, akitoa mamia kila siku kwenye dimbwi dogo lisilokwenda, anatosha. Hesabu ndogo ya wanaotoa serkaria kati ya waliopimwa ni ya kawaida kabisa hata mahali ambapo watoto wengi wanakojoa damu. Na upande mwingine, vikombe 86 visivyo na kitu haviwaachii huru konokono wale, kwa sababu walioingiwa wiki mbili zilizopita bado hawajafika wakati wao wa kutoa. Tena kuna serkaria wa ng'ombe, ambao kwa kioo cha kukuzia wanafanana sana na wa watu, na jibu la mwisho hutoka kwa vinasaba. Kwa hiyo hatukutegemea kikombe peke yake. Tulitazama vitu vitatu kwa pamoja: konokono anayefaa yupo, watu wanaingia majini hapo, na watoto wa nyumba za karibu wana mayai kwenye mkojo. Vikikutana vitatu, mahali hapo pana kazi.

Kazi ya kwanza inayokuja akilini mwa kila mtu ni kufyeka majani. Inasaidia, maana unamnyang'anya konokono chakula, kivuli na pa kutagia. Lakini nimeona ikifanywa vibaya. Vijana wanaingia na kaptura saa tano asubuhi, wanafyeka, wanasukuma majani yaende na maji. Wao wenyewe wamesimama kwa muda wa saa tatu kwenye serkaria, na majani yenye mayai ya konokono yamepelekwa kwenye bonde la jirani. Fyeka kwa buti, mapema asubuhi, na kila jani lipandishwe nchi kavu, mbali na maji, likauke. Na ujue kwamba majani yataota tena.

Kazi ya pili ni dawa. Inaitwa niklosamidi, na imetumika kuua konokono tangu miaka ya 1960. Ni dawa ileile ambayo watu walimezeshwa kutibu tegu, kwa hiyo ng'ombe au mtu haimdhuru kwa kiwango kinachotumika mtoni. Samaki inawadhuru. Lazima wanakijiji waambiwe mapema, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba samaki wa dimbwi hilo watakufa. Mwaka mmoja kikundi fulani hakikusema, na asubuhi ya pili akina mama wakakuta perege wameelea matumbo juu. Habari ikaenea kwamba mto umetiwa sumu. Ilichukua miezi kurudishiwa ruhusa ya kugusa maji yale, na mimi sikuwalaumu wale akina mama hata kidogo.

Hesabu ya Jiweni ilikuwa hivi. Tulichagua kiangazi, mto umekaribia kusimama, kwa sababu dawa inamhitaji konokono akae nayo, na maji yakienda nayo inakwenda. Urefu wa dimbwi ulikuwa mita 20, upana wa wastani mita 6. Kina tulikipima kwa fimbo yenye alama mahali tisa, katikati na pembeni, wastani ukawa nusu mita. Kwa hiyo 20 mara 6 mara 0.5, mita za ujazo 60. Tulilenga gramu 1 ya dawa halisi kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 60. Lakini unga wetu ulikuwa na dawa asilimia 70 tu, uliobaki ni kichukuzi. Gramu 60 gawa kwa 0.7 ni karibu gramu 86 za unga. Gramu 86 kwa dimbwi zima! Zinaingia kwenye kikombe cha kahawa. Tulizikoroga kwenye pampu ya mgongoni na kupuliza pole pole, tukianza pembezoni kwenye majani, maana konokono hakai katikati.

Mto ule ule ukiwa unakwenda, hata polepole, hesabu nyingine kabisa. Ukipitisha lita 10 kwa sekunde, katika saa nane zitapita lita 288,000, yaani mita za ujazo 288, na utahitaji zaidi ya gramu 400 za unga, zikidondoshwa kidogo kidogo kwa saa zote nane. Ndiyo maana msimu una maana kubwa kuliko wingi wa dawa.

Tulirudi baada ya wiki moja. Dakika 30, konokono hai sifuri, makombora meupe mengi chini. Nilifurahi kama mtoto. Baada ya wiki nne tulirudi tena, tukapata 11.

Walitoka wapi? Tulizunguka nusu siku kabla ya kuwapata. Nyuma ya tuta la mpunga, hatua 15 kutoka dimbwini, palikuwa na chemchemi ndogo iliyojificha kwenye nyasi, na kando yake nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, kila unyayo bakuli. Humo walikuwamo. Bulinus ana jinsia zote mbili mwilini mwake na akibaki peke yake anaweza kujitungisha mwenyewe, kwa hiyo mmoja aliyesahaulika ni mbegu ya dimbwi zima. Na wengine huwa wamejichimbia kwenye matope maji yakikauka. Wanafunga mlango kwa ute na kulala miezi mpaka mvua, na dawa ya majini haiwafikii. Masika yakija, wanaamka, na maji yanayofurika yanawaleta wengine kutoka juu. Tangu siku ile sipimi dimbwi kabla sijazunguka eneo lote nikitafuta maji yasiyoonekana.

Unguja na Pemba zimepitia jaribio kubwa juu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, shehia 90, 45 kila kisiwa, ziligawanywa makundi matatu. Zote zilipata vidonge vya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Theluthi moja ziliongezewa kazi ya konokono, na theluthi nyingine mafunzo ya kubadili tabia. Ugonjwa ulishuka sana kote, na kwenye shehia nyingi kichocho kikali kikawa kitu cha nadra. Lakini maambukizi hayakukatika, na mwisho wa safari shehia za konokono hazikuonyesha tofauti kubwa iliyo wazi na zile za vidonge peke yake.

Nimekaa na matokeo hayo muda mrefu, na sikubaliani na wanaosema kwamba basi konokono hana haja ya kuguswa. Ninavyoona mimi, mtoto wa shehia iliyopuliziwa anakoga shehia ya bibi yake Ijumaa. Mvua inamrudisha konokono kati ya ziara moja na nyingine. Na vidonge vilipokwisha kuushusha ugonjwa hadi karibu na sakafu, hapakubaki nafasi kubwa ya kingine kuonekana. Kilichobaki ni sehemu chache sugu, dimbwi hili na lile, na hapo kupuliza kila mahali kwa ratiba moja ni kupoteza dawa. Hapo unahitaji kujua dimbwi kwa jina. Vidonge navyo vina ukomo wake: haviui minyoo michanga iliyoingia wiki chache zilizopita, na havimzuii mtoto kuingia majini kesho yake.

Kitu kilichobadilisha Jiweni kuliko gramu zangu 86 ni karo la kufulia. Lilijengwa nchi kavu, hatua 20 kutoka mtoni, kimo cha kiuno, na bomba la kisima jirani. Mwanzoni akina mama hawakulitumia. Nilimuuliza dada yangu kwa nini, akaniambia, "Kaka, mmelijenga mahali ambapo hatuonani. Jiweni tunafua tukizungumza. Pale kila mtu anatazama ukuta." Likaongezwa karo la pili likitazamana na la kwanza, na kivuli cha makuti. Siku hizi jiwe limeota ukoga. Pembeni pamejengwa choo cha haja ndogo kwa watoto, maana mtoto aliyebanwa hatakwenda mbali, atatumia kilicho karibu, na kilicho karibu kilikuwa mto. Mpunga bado unalimwa bondeni, na wakulima bado wanaingia majini kwa miguu mitupu. Hao ndio ninaowafikiria zaidi sasa, pamoja na wasichana wanaopandikiza miche. Mayai ya kichocho hayakai kwenye kibofu peke yake. Kwa mwanamke hufika mpaka kwenye njia ya uzazi, na namjua mmoja aliyetibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu kwenye zahanati moja, akarudi nyumbani na aibu isiyo yake, kabla mtu hajamuuliza kama aliwahi kukoga mtoni.

Wiki iliyopita nilikwenda Jiweni. Mvua za vuli zimekatika, maji yametulia, mayungiyungi yameanza tena. Dakika 30, konokono watatu, wote wa kushoto. Niliwatoa juani kutoka saa nne hadi saa nane, vikombe vitatu vyeupe, hakuna kilichotembea. Dada akanipigia simu jioni: watoto wanauliza kama wanaweza kukoga. Nikamwambia, "Dada, bado. Wasubiri wiki sita."

Wale watatu wamo chumbani kwangu, kwenye chupa ya maji ya kisima iliyofunikwa kitambaa cheusi, na jani la mchicha lililochemshwa. Jumatano nitawatoa tena juani.